Badala ya Asante

"Rudi nyuma tena," Marlys alisema. "Mpaka kwenye makoti."

Orrin Saari, rafiki wa mume wa Marlys, alirudi nyuma, simu mkononi, mpaka mgongo ukagusa vyuma vya kutundikia makoti mwishoni mwa ukumbi ulio chini ya kanisa. Aliinua simu, akaielekeza ukutani ambako projekta ilikuwa ikionyesha slaidi ya mwisho, akasubiri.

"Haisomi, shemeji."

"Na hapo ulipokuwa kwanza?"

"Pale ilisoma. Lakini pale wanakaa watu wa kwaya tu, na hao wote wana miaka themanini."

Marlys aliinama juu ya kompyuta. Kile kimraba cheusi chenye vidoto, ambacho mtu akikipiga picha kwa simu hupelekwa moja kwa moja kwenye fomu ya hospitali, alikuwa amekiweka pembeni, kidogo, kama muhuri kwenye bahasha. Katikati ya slaidi alikuwa ameiacha picha ya mumewe, Dale, akiwa juu ya barafu na samaki mkononi. Aliitazama ile picha kwa muda. Kisha akaivuta mpaka nje ya slaidi na kukikuza kile kimraba kikafika ukubwa wa dirisha.

"Sasa?"

"Sasa imesoma," Orrin alisema. "Umemtoa Dale?"

"Wanajua sura yake."

Wiki kadhaa kabla ya hapo, katika ukumbi huohuo, Marlys alikuwa amesimama mbele ya karibu kanisa zima kueleza habari ya figo za mumewe. Alijiandaa vizuri. Miaka yote aliyofanya kazi katika ofisi ya barabara ya wilaya hakuwahi kuhutubia mtu, kwa hiyo alijifundisha mwenyewe mambo ya slaidi, jioni baada ya jioni, kwa kujaribu na kufuta. Alionyesha figo hufanya kazi gani. Alionyesha mashine inayomsafisha Dale damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na umbali wa kuifikia wakati wa theluji. Alieleza kwamba anayesubiri figo ya marehemu anaweza kusubiri miaka, na kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa figo moja na kuishi vizuri kwa ile inayobaki. Slaidi ya mwisho ilikuwa na ile picha ya samaki na neno moja kwa herufi kubwa: Asante.

Watu walipiga makofi. Walikunywa kahawa na kula vile vipande vya keki ambavyo huku kwetu haviachi kutokea popote watu wanapokusanyika. Wiki ile nzima mlango wa nyumba ya Marlys na Dale Haapala haukupumzika. Yaliletwa mabakuli ya tambi na nyama iliyookwa kwa jibini, mengi mno hata yakajaza jokofu la gereji. Mtu asiyejulikana alisafisha theluji kuanzia barabarani mpaka kwenye ngazi.

Hakuna aliyepiga simu hospitali. Marlys alijua, kwa sababu wakati ule bado alikuwa na ujasiri wa kumuuliza Renata, mratibu wa wachangiaji figo wa hospitali kule Minneapolis, naye Renata alisema kwa upole kwamba majina hawezi kutaja kamwe, ila angetamani sana simu yake ilie.

Marlys hakuwalaumu watu. Alikaa na jambo hilo kama mtu anavyokaa na hesabu isiyolingana, akalipitia tangu mwanzo. Ni Orrin aliyemfumbua macho, siku alipokuja kurudisha ngazi aliyoazima.

"Mmepata nani?" Orrin aliuliza.

"Kupata nani wa nini?"

"Wa figo. Sikutaka kuuliza, si jambo langu. Lakini siku ile ulitushukuru."

"Nilishukuru kwa kuja kwenu."

Orrin alivua kofia, akaivaa tena. "Shemeji, huku mtu hushukuru jambo likishaisha. Uliandika asante kubwa namna ile, Dale anacheka na samaki wake. Sisi pale mezani tukasema, basi, wamepata mtu, wanataka tu tujue. Mke wa mchungaji akasema labda ni binamu yake wa Thunder Bay, ng'ambo ya mpaka."

"Hana binamu Thunder Bay."

"Nimejua hilo sasa hivi."

Alisimama na ile ngazi mlangoni, baridi ikiingia ndani. Kisha akasema, akiangalia viatu, kwamba yeye siku ile alikaa akisubiri aombwe. Alikuwa amejiandaa kabisa. Hakuna aliyemwomba.

Ndiyo maana sasa walikuwa ukumbini wawili peke yao, wakijaribu slaidi kabla ya mkutano wa Alhamisi kwenye jumba la chama cha wafanyakazi wa mgodi ambako Dale alikuwa akitengeneza malori makubwa.

Kwanza Marlys alikuwa ameandika mambo matano watu wanayoweza kufanya: kupiga simu, kusambaza habari, kumpeleka Dale kwenye mashine kwa gari, kupika, kuomba dua.

"Mimi nikiona matano," Orrin alisema, "nachagua kupika. Na sijui kupika."

Alifuta manne.

Kisha akaandika namba yake mwenyewe ya simu. Hiyo ilikataliwa na Renata walipoongea siku iliyofuata. "Mtu akikupigia wewe halafu akaogopa, atakukwepa dukani maisha yake yote," Renata alisema. "Akinipigia mimi, anaweza kujitoa wakati wowote na wewe hutajua. Weka namba yangu. Weka na jina langu, watu huogopa kuipigia ofisi isiyo na jina. Na jina kamili la Dale pamoja na tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu tutawauliza wanataka kumchangia nani."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Dale alirudi kutoka kwenye mashine Jumatano mchana, akaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini. Siku hizo alirudi amefifia, kama shati lililofuliwa mara nyingi. Marlys alimwekea kompyuta mapajani, akaenda kusimama karibu na sinki ili asiwe mbele yake.

Dale alisoma polepole. Slaidi ilisema: Dale Haapala anahitaji figo. Piga simu wiki hii uulize kama unaweza kuchangia. Chini yake tarehe yake ya kuzaliwa, jina la Renata, namba ya simu, kile kimraba, na mstari mmoja mdogo: Utakayosema ni siri. Kuuliza si kukubali.

"Hii ni kuombaomba," Dale alisema.

"Ni kuomba. Mara moja."

"Baba yangu hakuomba hata nyundo. Alitembea mpaka mjini kununua nyundo, na jirani alikuwa nazo tatu."

"Najua. Umenieleza kama jambo la kusifiwa."

Dale alicheka kidogo, akakohoa. "Andika 'mtu mmoja wa hapa mjini'. Wataelewa."

"Wale wa kanisani walielewa una binamu Thunder Bay."

"Nani kasema?"

"Mke wa mchungaji."

"Yule mama," Dale alisema, akatikisa kichwa. Alitazama nje. Gari la jirani lilikuwa likipanda mlima mdogo, magurudumu yakiteleza, na macho yake yakalifuata mpaka lilipovuka. "Nikifika pale nitawatazamaje? Kila atakayenipita atakuwa anafikiria mwilini mwake mna nini."

Marlys alikausha mikono. "Magari mangapi umeyatoa kwenye mtaro, Dale?"

"Hayo hawakuniomba."

"Kwa sababu uliyaona mtaroni. Figo yako nani anaiona?"

Marlys alikaa kwenye kiti cha pili, wakanywa kahawa, yeye kikombe kizima na Dale kile kidogo alichoruhusiwa na daktari, na jua likaanza kushuka. Mwishowe Dale alivuta kompyuta karibu.

"'Wiki hii' ibaki?"

"Renata anasema mtu asipopewa siku, huahirisha."

"Basi ibaki." Alikuwa na kidole juu ya jina lake. "Umeniandika mbele kabisa. Sijawahi kuandikwa mbele hivi."

"Niweke chini?"

"Acha," alisema.

Alhamisi jioni jumba la chama lilijaa. Walikuja wastaafu, walikuja wa zamu ya mchana wakiwa bado na vumbi jekundu kwenye mikunjo ya shingo, walikuja wake zao. Dale alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia imeshuka. Orrin alikaa mbele, karibu na swichi ya taa, na Marlys hakuelewa kwa nini mpaka baadaye.

Alipitia slaidi zake. Sauti yake haikuwa kubwa, ilibidi watu waache kusogeza viti ili wasikie. Alipofika mwisho, slaidi ile ikaja ukutani, jina la mumewe mbele, na alijisikia kama mtu aliyevua nguo hadharani. Aliisoma yote kwa sauti. Kisha akasema alichokuwa amejizoeza jikoni:

"Nawaomba mpige simu. Sijapata mtu. Ndicho nilichokuja kuomba."

Halafu akanyamaza. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kusema asante ili ule ukimya uishe. Alishika ukingo wa meza.

Mtu alikohoa. Mwenyekiti wa chama, mzee muungwana anayependa mambo yaende kwa ratiba, aliinuka kwenda kuwasha taa kama ilivyo desturi hotuba ikiisha. Alimkuta Orrin amesimama mbele ya swichi.

"Nataka kuwasha, Orrin."

"Sawa, lakini bado nasoma."

"Tangu lini wewe unasoma?"

Watu walicheka, kicheko kidogo cha nafuu, na hapo maswali yakaanza. Bev, mtunza fedha wa chama, aliuliza kama ni lazima damu ilingane. Marlys alisema hapana, kuna mpango wa kubadilishana: figo yako ikimfaa mgonjwa mwingine, ndugu wa huyo mgonjwa humpa mgonjwa wako, kwa hiyo usijikatae mwenyewe, mwache Renata akukatae. Mwingine aliuliza nani hulipia vipimo. Bima ya Dale, alisema. Mwingine aliuliza umri. Wakati wote huo slaidi ilibaki ukutani, na Marlys aliona simu ya kwanza ikiinuka mahali fulani katikati, kwa aibu, kama mtu anayepiga picha mazishini. Kisha ya pili. Mzee Lempi, asiye na simu ya kupiga picha, aliandika namba juu ya karatasi ya kufutia mikono, akaikunja mara nne.

Alipotazama nyuma, Dale alikuwa amevua kofia. Mmoja wa vijana aliowafundisha kazi alikuwa amechuchumaa kando ya kiti chake wakiongea juu ya injini.

"Ilikuwaje?" Marlys alimuuliza wakiwa garini.

"Nilitaka kutoka," Dale alisema. "Mguu ukawa umekufa ganzi." Walipofika karibu na nyumbani akaongeza, "Lempi ana miaka tisini. Umwambie asihangaike."

"Mwambie wewe."

"Nitamwambia."

Baada ya hapo Marlys alipompigia Renata na kuuliza, Renata alisema, "Sasa siwezi kukuambia kitu chochote, Marlys." Na kwa jinsi alivyolitia uzito lile neno 'sasa', Marlys alielewa kwamba watu wamepiga; aliweka simu chini akakaa jikoni na mikono usoni.

Orrin, yeye, hakuwa na siri. Aliweza kusema habari zake mwenyewe, na alizisema. Alikuwa amejaza fomu usiku uleule. Walimchukua damu na mkojo kule Duluth, wakamuuliza maswali juu ya familia yake mpaka akakumbuka shangazi aliyekuwa amemsahau. Alifaulu hatua ya kwanza. Alipewa siku ya kwenda Minneapolis kwa vipimo vikubwa: moyo, picha za figo, daktari wa kwake peke yake asiyemhudumia Dale, na mtu wa kuongea naye kuhakikisha hakulazimishwa.

"Nitawaambia nimelazimishwa na shemeji," alisema. "Alinisimamisha kwenye makoti."

"Ukisema hivyo watakurudisha," Dale alisema.

"Basi nitawaambia wewe ndiye uliyekataa mwaka jana kuniazima mashine ya kutoboa barafu. Wataona sina sababu ya kukupenda."

Dale alicheka sana siku ile. Marlys aliandaa mkutano mwingine, wa mji jirani, kwenye jumba la mchezo wa barafu, kwa sababu Renata alikuwa amemwambia asisimame kwa ajili ya mtu mmoja; wengi huanguka kwenye vipimo. Aliweka slaidi tayari, akaziweka akiba.

Dale alifariki Jumatatu asubuhi, theluji ikianza kulainika. Wale wanaosafishwa damu mara tatu kwa wiki wanaijua Jumatatu; siku mbili zimepita bila mashine, maji na chumvi vimejaa, na moyo unabeba vyote. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni akivaa viatu ili waende. Marlys alikuwa nje akilipasha gari moto. Aliporudi kumwita alimkuta ameegemea makoti, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Walimzika wiki ileile. Mabakuli yalirudi. Wanaume wa mgodini walisimama nyuma ya kanisa kwa sababu viti viliisha, na mke wa mchungaji alimshika Marlys mikono yote miwili bila kusema kitu, jambo ambalo Marlys alilishukuru kimoyomoyo kuliko maneno yote ya siku ile.

Siku chache baadaye simu ililia. Alikuwa mama mmoja, Joyce, msimamizi wa lile jumba la mchezo wa barafu. Alizungukazunguka kwanza na hali ya hewa.

"Marlys, nakupa pole sana. Mkutano wako ni kesho jioni. Nimeona aibu kukupigia mapema. Tangazo liko mlangoni bado. Niliondoe?"

Marlys alikuwa amesimama jikoni. Alikuwa amesahau kabisa. Alifungua mdomo aseme ndiyo.

"Usiliondoe bado," alisema. "Nitakuambia kesho asubuhi."

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Aliketi mezani akafungua kompyuta. Slaidi zilifunguka, na yeye akazipita zote mpaka ya mwisho, akaiacha ikijaza kioo.

Dale Haapala anahitaji figo.

Alikaa hapo. Mchana ulikuwa wa kijivu na maji yalikuwa yakidondoka kutoka paani. Renata aliwahi kumwambia, mwanzoni kabisa, kwamba wapo wanaompa figo mtu wasiyemjua, yeyote aliye mbele ya foleni, na namba ya kupiga ni ileile. Wakati ule hakusikiliza vizuri. Alikuwa na mtu wake.

Alipeleka mshale juu ya tarehe ya kuzaliwa akaifuta. Hiyo iliwezekana. Aliupeleka kwenye jina.

Mlango wa nje uligongwa, ukafunguliwa kabla hajajibu. Orrin aliingia na koleo la theluji, ingawa theluji ya kuondoa haikuwapo, akaliegemeza ukutani. Alitazama kiti cha dirishani, akaketi kwenye kile kingine.

"Kahawa ipo," Marlys alisema.

"Nimekunywa."

Orrin aliiona slaidi, akageuza macho.

"Renata kanipigia," alisema. "Ameniuliza kama bado nakuja Alhamisi. Akasema nikitaka kufuta hakuna atakayeuliza kwa nini."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia nitamwambia." Alisugua goti. "Mimi nilikuwa nampa Dale, shemeji. Sikuwa nampa mtu. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Sijui kama naweza kumpa mtu nisiyejua kama anavua samaki au havui."

"Hulazimiki."

"Najua silazimiki, imeandikwa pale." Alionyesha kioo kwa kidevu. "Wewe unaniomba?"

Marlys aliangalia mikono yake. Mbele ya watu wote wa chama aliweza kuomba, kwa sababu jina lile lilikuwa ukutani nyuma yake, likimsukuma. Sasa alitafuta ile sauti asiione. Na kusema 'usiende' nako hakuweza.

"Leo sijui, Orrin," alisema. "Niulize kesho."

"Kesho unakwenda kwa Joyce?"

"Hilo nalo sijui."

Orrin alitikisa kichwa polepole. Aliinuka, akachukua bakuli moja tupu la mtu kutoka kwenye rundo lililokuwa juu ya meza, akaligeuza kusoma jina lililobandikwa chini kwa plasta. "Hili la Bev. Nitampelekea." Alichukua na koleo lake akatoka.

Marlys alisikia gari lake likiwaka na kuondoka. Aliirudia slaidi. Alijaribu kuandika, juu ya jina, 'mtu mmoja wa hapa', akaona ni maneno ya Dale, akayafuta. Alijaribu 'kuna watu wanaosubiri'. Alisoma. Ilikuwa kweli lakini haikumwomba mtu yeyote kitu. Akaifuta pia.

Namba ya Renata iliendelea kukaa chini, kubwa, na kimraba chake kilichosomeka mpaka kwenye makoti. 'Wiki hii' ilikuwa bado pale. Na jina la Dale lilikuwa bado pale, mbele kabisa, na mshale ukimetameta mwishoni mwake.

Hakulifuta. Aliihifadhi slaidi jinsi ilivyokuwa, akafunga kompyuta, akaenda kutoa bakuli lililofuata kwenye jokofu la gereji kwa ajili ya chakula cha jioni.